Virusi havihesabu wastani wa joto: barua ya wazi kuhusu mbu wa Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa,

KUH: SIKU AMBAZO KIRUSI CHA DENGI HUCHUKUA KUIVA NDANI YA MBU WA JIJI HILI

Waheshimiwa,

Nimefanya kazi na mbu kwa miaka mingi. Nimewafuga, nimewalisha damu, nimewakata miguu chini ya hadubini na kuwakamua mate. Ninaishi Embakasi, mtaa ambao maji huja kwa mgao na kila mlango una pipa au mitungi mitatu minne iliyojazwa kungoja siku kavu. Nimeona niandike hadharani kwa sababu suala hili limegawanyika kati ya ofisi zenu tatu, na nisingependa kila mmoja wenu apate theluthi yake peke yake.

Kila mara dengi, au kidingapopo kama wazee wa pwani walivyoiita, inapozuka Mombasa, hapa Nairobi huulizwa kama inaweza kutufikia. Jibu nililolisikia mkutano baada ya mkutano ni kwamba jiji hili ni baridi. Liko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wastani wa joto ni nyuzi 19 au 20, na Julai unashuka hadi karibu 17. Anayejibu hivyo hasemi uongo. Lakini anatumia kipimo ambacho kirusi chenyewe hakikitumii, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na mbu. Dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano ya mjini hubebwa na mbu aina ya Edesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji masafi ya kuhifadhiwa. Huyu si yule wa malaria. Yuko Nairobi, na hilo halibishaniwi tena. Ila kuwepo kwake hakutoshi kuleta ugonjwa. Anapomuuma mgonjwa, damu yenye virusi huingia katika utumbo wake wa kati, na hapo safari ndiyo inaanza. Kirusi lazima kwanza kishike kwenye seli za utumbo na kuzaana ndani yake. Kisha kitoke utumboni na kuingia mwilini mwa mbu. Mwisho kifike kwenye tezi za mate na kuingia katika mate yenyewe. Kila hatua ina kizuizi chake, na wako mbu ambao kirusi huishia mlango wa kwanza au wa pili. Uwezo wa kundi fulani la mbu kukipitisha kirusi milango yote mitatu ndio tunaouita, katika kazi yetu, uwezo wa mbu kuambukiza.

Maabara hupima hivi. Mbu jike hulishwa damu yenye virusi kupitia utando mwembamba uliopashwa joto, ili adhani ni ngozi. Walioshiba hutengwa na kuwekwa kwenye kabati lenye joto linalodhibitiwa. Baada ya siku kadhaa, kila mmoja hulazwa kwa baridi kidogo, akakatwa miguu na mabawa, na mdomo wake ukaingizwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, ambamo hutema mate kwa muda wa kama nusu saa. Kisha vitu vitatu hupimwa kila kimoja peke yake. Kiwiliwili kinaeleza kama mbu ameambukizwa. Miguu inaeleza kama kirusi kimetoka utumboni, kwa kuwa mguuni hakuna utumbo. Kirusi kikionekana huko, kimesafiri. Mate yanaeleza kama mbu huyo anaweza kumwambukiza mtu. Majibu haya matatu si kitu kimoja. Ripoti ikisema "asilimia kadhaa ya mbu waliambukizwa", ulizeni kwanza ni kiwiliwili, ni miguu au ni mate.

Halafu ulizeni ni siku ya ngapi, na kwenye joto gani.

Hapo pa mwisho ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe. Maabara sitaitaja, na waliokuwapo wanajua. Tulikuwa na makabati mawili, moja la joto la pwani na moja la baridi kama ya huku kwetu. Siku ya 14 tulikamua mate ya mbu wote. Kabati la joto lilitupa mirija yenye virusi. Kabati la baridi halikutoa hata mmoja, na mimi ndiye niliyejaza sifuri safu nzima ya daftari. Katika rasimu ya ripoti nikaandika kwamba kwenye joto hilo mbu hawa hawaambukizi. Mzee aliyekuwa akitusimamia alisoma, akaniuliza kwa upole, "Na siku ya 25 je?" Sikuwa na jibu. Mbu wote nilikuwa nimeshawakata. Tuliporudi kwenye miguu tukakuta mbu kadhaa wa baridi wana virusi huko. Kirusi kilikuwa njiani. Nilikuwa nimeandika "hawezi" mahali palipostahili "bado".

Kati ya "hawezi" na "bado" kuna kitu kinachopimwa kwa siku: muda tangu mbu amnyonye mgonjwa hadi mate yake yawe na virusi. Nitauita siku za kuiva. Mbu haugui, haonyeshi dalili yoyote, anaendelea kuuma kama kawaida. Lakini kabla siku hizo hazijaisha hawezi kumwambukiza mtu, na zikishaisha huambukiza hadi kufa kwake. Na siku za kuiva zinategemea joto kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa kuwa mbu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake una joto la mahali alipotua.

Kwa dengi tuna makadirio mazuri yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio ya miaka mingi: kwenye nyuzi 25 kirusi huchukua wastani wa siku 15 kuiva, na kwenye nyuzi 30 siku 6 na nusu. Nyuzi tano tu, na muda umepungua zaidi ya nusu. Ukifuata mwendo huohuo wa kupungua, nyuzi 28 zinatoa kama siku 9, nyuzi 22 kama siku 25, na nyuzi 16 zaidi ya siku 60. Namba za juu ya 25 zimesimama juu ya majaribio mengi. Zile za chini kabisa ni mstari uliovutwa kwenda mbele, nami nitazitumia nikijua hivyo.

Sasa twendeni nyumbani kwa mtu.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, anaishi chumba cha mabati nyuma ya ploti yetu. Mwezi wa Februari aliniruhusu nitundike kipimajoto kidogo chini ya kitanda chake, karibu na masanduku, kwa sababu hapo ndipo Edesi hupenda kutua akishiba: penye giza, pasipo upepo. Nilienda saa tisa mchana, nikapiga magoti na tochi. Kilisoma nyuzi 28. Nikarudi saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa ameshawasha jiko mlangoni. Kilisoma 16. Akaniuliza, "Sasa daktari, hii ni moto ama ni baridi?" Mimi si daktari, lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko mengi niliyowahi kusikia kwenye kumbi zenye viyoyozi.

Mtu wa wastani atamjibu hivi: 28 na 16, wastani ni 22. Kwenye nyuzi 22 kirusi kinahitaji kama siku 25. Edesi wengi hawaishi siku 25. Basi lala salama, mama.

Lakini kirusi hakiishi kwenye nyuzi 22. Kinaishi saa kadhaa kwenye 28 na saa kadhaa kwenye 16. Turahisishe, tuseme saa 12 na saa 12. Kwenye nyuzi 28, ambako safari nzima ni siku 9, nusu siku inamaliza kama asilimia 5 na nusu ya safari. Kwenye nyuzi 16, ambako safari ni zaidi ya siku 60, nusu siku haifiki asilimia 1. Jumlisheni: kwa kutwa moja kirusi kimekwenda asilimia 6 na kidogo. Safari nzima inaisha kwa siku 16, si 25.

Sababu ni kwamba mchana huharakisha kuliko usiku unavyochelewesha. Usiku hauwezi kurudisha nyuma hatua zilizopigwa mchana. Unachoweza ni kusimamisha tu. Na hata mkinibishia, kwamba namba yangu ya nyuzi 16 ni ya kukisia, nakubali. Wekeni sifuri. Semeni kirusi husimama kabisa usiku kucha. Asilimia 5 na nusu kwa siku bado inamaliza safari kwa siku 18.

Haya si ya kwenye karatasi peke yake. Mwaka 2013 kulichapishwa jaribio lililofanywa kwa mbu wa asili ya Thailand na kirusi cha dengi. Kundi moja liliwekwa kwenye nyuzi 20 zisizobadilika usiku na mchana. Kundi la pili lilipata wastani uleule wa 20, ila joto lilipanda mchana na kushuka usiku kwa tofauti kubwa ya nyuzi zaidi ya 18. Muda wa nusu ya mbu kufikia hatua ya kirusi kutapakaa mwilini ulishuka kutoka karibu siku 30 hadi karibu siku 19. Tofauti ya usiku na mchana ya Nairobi ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo sidai punguzo letu ni kubwa hivyo. Nasema mwelekeo ni huo, na hatujaupima kwetu.

Niongeze jambo ambalo huwachanganya hata wenzangu. Pwani mambo ni kinyume. Mahali ambapo wastani tayari uko juu, joto likipanda sana mchana humwua mbu au humchosha; makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaonyesha Edesi husambaza virusi vyema zaidi karibu na nyuzi 29, na usambazaji unakoma chini ya takriban 18 na juu ya takriban 34 na nusu. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya joto huzuia ugonjwa kwenye nchi ya joto, na huusaidia kwenye nchi ya baridi. Mpango uliochorwa Mombasa haufai kuletwa Nairobi kwa gari moshi ukiwa vilevile.

Siku 16 badala ya 25 ina maana gani kwa wananchi? Tuchukulie kila siku mbu 10 katika kila 100 hufa, kwa kupigwa, kuliwa na mijusi au kuzeeka. Hesabu ya siku 25 inaacha mbu 7 katika 100 walioishi hadi mate yao yaive. Hesabu ya siku 16 inaacha 18. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye namna ya kusoma kipimajoto kilekile, chini ya kitanda kilekile. Na katika Julai ya kweli, nyuzi 17 mchana na usiku ndani ya nyumba ya mawe ya mtaa wa miti na kivuli, hawafiki hata watatu katika 1,000. Mnaona sasa kwa nini "Nairobi ni baridi" ni kweli kwa nyumba moja na si kweli kwa nyingine, katika jiji moja, wiki moja.

Namba za joto zinazotumika katika mikutano hutoka vituo vya hali ya hewa: Dagoretti, Wilson, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ni vipimo vizuri, vilivyowekwa kwa utaratibu wa kimataifa, juu ya nyasi, ndani ya kisanduku cheupe chenye kivuli. Hakuna Edesi anayeishi ndani ya kisanduku hicho. Wakati wa kiangazi cha mwaka 2015 na 2016 watafiti waliweka vipimajoto katika Kibera, Mathare na Mukuru, na wakakuta joto la mitaa hiyo liko juu kuliko la kituo cha Dagoretti. Utafiti ule ulikuwa wa joto na afya ya watu, na ulikuwa wa muhimu kwa hilo. Mimi nawaomba tuusome pia kwa macho ya mbu. Tena, tuwe makini kwa upande wa pili: Edesi si mjinga, bati likiwaka moto yeye hashindi darini. Hushuka chini ya kitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa, kando ya pipa la maji ambako ni baridi kidogo. Kipimajoto kikitundikwa juu karibu na bati kitatudanganya kwa kuzidisha, kama kile cha uwanja wa ndege kinavyotudanganya kwa kupunguza.

Kuhusu uwezo wa mbu wetu wenyewe, hatuanzi na giza tupu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowalisha mbu wa Kilifi na wa Nairobi kirusi cha dengi aina ya pili, na mbu wa sehemu zote mbili waliweza kuambukizwa. Mwaka 2017 ukachapishwa mwingine kuhusu chikungunya, ukilinganisha mbu wa Mombasa, Kisumu na Nairobi, na wa Nairobi hawakutolewa hatiani. Nao wana uwezo wa kuambukiza. Hizi ni kazi za Wakenya, zimefanyika kwa taabu, nami naziheshimu. Lakini ule wa dengi uliwaweka mbu kwenye nyuzi 26 na nyuzi 30, joto lisilobadilika. Unatueleza mbu wa Nairobi angefanya nini kama angehamia Kilifi. Hautuelezi anachofanya Embakasi, kwenye 28 mchana na 16 usiku, na hasa hautuelezi ni siku ya ngapi.

Sitaki kuwatisha. Nairobi bado ina kitu ambacho Mombasa haina, nacho ni siku. Huko pwani, katika miezi ya joto, mbu aliyemnyonya mgonjwa leo huenda akawa anaambukiza baada ya siku 7 hadi 9. Mtu akipimwa siku ya tatu ya homa, majibu yakatoka siku ya saba, mmeshachelewa au mmekaribia kuchelewa. Hapa kwetu mnazo siku 16 au zaidi. Ndani ya siku hizo mbu walioambukizwa bado hawana madhara, bado wako ndani ya nyumba ileile au ya jirani, maana Edesi haruki mbali, mara nyingi hapiti mita mia chache kutoka alikozaliwa. Mkiingia katika nyumba hizo, mkapuliza dawa ya kuua mbu wakubwa ndani, chini ya vitanda na nyuma ya nguo, mkamwaga au kufunika maji, mnakuwa mmeukata mnyororo kabla haujafungwa.

Tufuate mgonjwa mmoja tuone siku hizo zinavyopotea. Kijana anafanya kazi Mombasa wakati wa mlipuko, kama ule wa dengi wa 2013 au ule wa chikungunya wa 2017 na 2018. Anaumwa na mbu huko. Bado hajisikii vibaya, kwa sababu kirusi huchukua kati ya siku 4 na 10 mwilini mwa mtu kabla ya homa. Anapanda reli asubuhi, mchana yuko Nairobi. Siku mbili baadaye anashikwa na homa, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinavunjika. Anaenda zahanati mtaani. Anapimwa malaria, hana. Anaambiwa huenda ni taifodi, anapewa dawa, anarudi kulala mchana kutwa kwenye chumba cha mabati. Kwa siku kama tano damu yake ina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu, na anaumwa mchana akiwa amelala bila chandarua, kwa sababu nani hutumia chandarua mchana?

Anapona. Hakuna aliyemwuliza katoka wapi.

Siku ya 16 au 18, mate ya mbu mmoja au wawili yanaiva. Wanamuuma mtoto wa jirani. Mtoto naye anakaa siku 4 hadi 10 kabla ya homa. Kwa hiyo mgonjwa wa pili anafika zahanati ileile zaidi ya wiki tatu baada ya wa kwanza, pengine wiki ya nne. Muuguzi wa zamu ni mwingine. Daftari limefunguliwa ukurasa mpya. Hakuna atakayewaunganisha hawa wawili, na si uzembe wa mtu yeyote. Ni kwamba ufuatiliaji wetu umezoea magonjwa yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ambapo jirani asipougua kwa wiki mbili kesi hufungwa. Kwa dengi ya Nairobi, wiki mbili ni wakati ambapo kirusi bado kiko tumboni mwa mbu. Tunafunga faili siku mbili kabla ya hatari kuanza.

Ombi langu la kwanza, basi, ni kwa idara ya afya ya kaunti, na halihitaji fedha nyingi. Kuanzia Januari hadi Aprili, na wakati wowote mlipuko unapotangazwa pwani au Mandera, kila mwenye homa ambaye kipimo cha malaria ni hasi aulizwe swali moja: katika siku 14 zilizopita ulikuwa wapi? Akisema Mombasa, Kilifi, Lamu, Mandera, damu yake itolewe ipelekwe kupimwa dengi na chikungunya, na nyumba yake itembelewe bila kungoja majibu. Faili yake isifungwe siku ya 14. Iachwe wazi hadi wiki ya sita, na wahudumu wa afya wa jamii warudi kuuliza homa katika nyumba za jirani wiki ya tatu, ya nne na ya tano. Muda huo nimeutoa kwenye hesabu mliyoisoma hapo juu: siku za kuiva ndani ya mbu, ukiongeza siku za kuiva ndani ya mtu, ukiacha nafasi kidogo kwa mbu ambaye hakuuma siku ileile mate yalipoiva.

La pili ni kwa Idara ya Hali ya Hewa, ikishirikiana na kaunti. Tuwekeeni vipimajoto vinavyojirekodi kila saa ndani ya nyumba: za mabati, za mawe, za ghorofa, katika mitaa michache iliyochaguliwa kwa makini, vikiwa mahali mbu hutua. Kwa kila saa, pigeni hesabu ya sehemu ya safari iliyokwenda, mjumlishe, mtupe kila wiki tarakimu moja: mbu aliyeambukizwa leo katika mtaa huu ataiva baada ya siku ngapi. Hiyo ni hesabu ambayo kijana yeyote wa ofisi yenu anaweza kuifanya kwenye kompyuta kabla ya chai ya saa nne. Wenzetu wa afya watajua wiki hii wana siku 30 za kukimbizana au wana 14.

La tatu ni kwa Waziri. Maabara zetu za utafiti, KEMRI ikiwemo, zina watu wanaojua kazi hii vizuri kuliko mimi. Zipewe uwezo wa kuwapima mbu wa Nairobi kwa dengi na chikungunya kwenye joto linalopanda na kushuka kama la Nairobi, na kwa muda wa kutosha, angalau hadi siku ya 30, huku mate yakikamuliwa kila baada ya siku chache. Chikungunya nisisitize. Huiva haraka kuliko dengi, kwenye joto la pwani ni siku chache tu, na mwaka 2004 ilipoingia Lamu iliangusha sehemu kubwa ya watu wa mji ule. Hatuwezi kuchukua siku za dengi tukazitumia kwake. Na jaribio hilo lisikatishwe siku ya 14 kwa kuwa fedha za mradi zimeisha au kwa kuwa mtu fulani ana haraka ya kuandika ripoti. Nimeshaeleza haraka ya aina hiyo ilinifikisha wapi.

Najua nitaambiwa kuna kipindupindu, kuna mafuriko, kuna hospitali zisizo na dawa, na dengi ya Nairobi ni jambo la kudhania. Nakubali kwamba hesabu yangu imejaa "tuchukulie". Vifo vya mbu hubadilika na joto, nami nimeviweka mahali pamoja. Joto chini ya kitanda haliruki kutoka 28 hadi 16 kama swichi. Kundi la mbu wa mtaa mmoja linaweza kuwa na kizuizi kigumu utumboni, na siku zote nilizozihesabu zikawa hazina maana kwao. Kila moja ya hizo "tuchukulie" inaweza kupimwa, hapa, na watu wetu, na gharama kubwa kuliko zote ni kabati la joto linaloweza kupanda na kushuka.

Kipimajoto changu bado kiko chini ya kitanda cha yule mama. Naandika namba zake asubuhi na mchana, kwenye daftari la mraba, nikiwa na tarehe na saa. Mwaka huu Januari imeanza na jua kali, na pipa lake la maji limejaa kwa sababu mfereji haujatoa tone tangu Jumapili. Ofisi yoyote kati yenu ikituma mtu, daftari nitampa, na mama amesema mlango uko wazi, mradi aje kabla ya saa mbili, watoto wakishaenda shule naye hajatoka kwenda sokoni.

Wenu mtiifu,
Fundi wa maabara ya wadudu, Embakasi, Nairobi